Kamera Inayomfuata Bodaboda: Kulainisha Mwendo bila Kutegemea Kasi ya Fremu

Mada kwa semina ya waandishi wa gemu, Mazimbu, Morogoro



Gemu nitakayoitumia kama mfano ni ndogo. Bodaboda anaondoka Mazimbu, anapita Msamvu, kisha anaipanda milima ya Uluguru kuelekea Morning Site. Tunamtazama kwa ubavu. Kamera inamfuata kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu kamera iliyoganda juu ya pikipiki humnyima mchezaji hisia ya mwendo. Skrini inaonyesha meta 5 kulia na meta 5 kushoto kwa mahali kamera inapolenga.

Niliiandika kwenye kompyuta inayochora fremu 60 kwa sekunde. Nilibadilisha namba moja, nikatazama, nikabadilisha tena, mpaka mwendo wa kamera ukanipendeza. Kisha nikaiweka gemu kwenye simu ya zamani, tukiwa tumekaa nje ya darasa juani. Simu ilipata joto na fremu zikashuka hadi 20 hivi kwa sekunde. Bodaboda alipofikia kasi yake ya kawaida, meta 12 kwa sekunde, alitoka nje ya skrini kabisa. Kamera ilikuwa bado inamfuata kwa bidii, ila sisi tulikuwa tunatazama barabara tupu.

Kosa lilikaa katika mstari mmoja, na naamini wengi wetu tumewahi kuuandika:

```gdscript
func _process(delta):
    kamera_x = lerp(kamera_x, boda_x, 0.1)
```

`lerp` yenyewe haina hatia. Unaipa mwanzo, mwisho na sehemu ya safari, nayo inakurudishia mahali palipo kati ya mwanzo na mwisho. Ukiipa mwanzo usiobadilika na mwisho usiobadilika, kisha ukaipandisha sehemu kutoka 0 hadi 1, unapata mwendo ulionyooka wa kasi moja. Lakini katika mstari wetu mwanzo haukai. Jibu la fremu hii linageuka kuwa mwanzo wa fremu ijayo. Kwa hiyo hatuchori tena mstari ulionyooka. Tunapunguza pengo lililobaki kwa sehemu moja ya kumi, kila fremu, bila kikomo. Ni kama chai iliyomiminwa kikombeni: hupoa haraka ikiwa ya moto sana, na kadiri inavyokaribia joto la chumba ndivyo inavyopoa polepole.

Watu wa takwimu wanaufahamu mchezo huu kwa jina la ulainishaji wa kipeo. Kanuni yao inasema wastani mpya ni sehemu fulani ya kipimo kipya, ikijumlishwa na sehemu iliyobaki ya wastani wa zamani. Andika kanuni hiyo pembeni ya `lerp` yetu na utaona ni kitu kilekile, herufi kwa herufi. Tofauti iko mahali ambapo kanuni haipataji, yaani muda kati ya kipimo na kipimo.

Tuseme mtu anasoma kina cha maji katika Bwawa la Mindu kila asubuhi, na analainisha vipimo vyake kwa 0.1. Akianza kusoma kila baada ya siku mbili huku 0.1 ikibaki ileile, wastani wake utachelewa maradufu kuyafuata maji, ingawa hesabu yake haina kosa lolote. Ile 0.1 haikuwa na maana peke yake; ilikuwa ni 0.1 kwa siku. Mtu wa takwimu huwa hapati shida hii kwa kuwa siku zake zinalingana. Sisi tunapata kwa sababu fremu zetu hazilingani. Simu moja inachora 30, nyingine 60, na za bei ya kati siku hizi zinachora 90 au 120. Hata simu moja hubadilika yenyewe ikipata joto au ikiwekwa kwenye hali ya kubana chaji.

Asili ya mbinu hii inafundisha jambo. Robert G. Brown, aliyekuja kuieneza miaka ya 1950 kwa ajili ya kukadiria mahitaji ya vipuri maghalani, aliitumia kwanza mwaka 1944 akiwa mchambuzi wa Jeshi la Majini la Marekani. Kazi ilikuwa kufuatilia nyambizi, na hesabu ilifanywa na mashine yenye tufe na sahani inayozunguka. Kwa maneno mengine, ilianza kama kazi yetu hasa, kufuata kitu kinachokimbia, na ilifanywa na chombo kisicho na fremu. Muda ulipita ndani yake mfululizo, kama maji. Ugonjwa tunaoujadili uliingia pale muda ulipokatwa vipande, halafu ukubwa wa vipande ukasahauliwa.

Sasa turudi kwa bodaboda tupime. Akienda kwa kasi isiyobadilika, kamera haimfikii kamwe. Inatulia kwenye umbali fulani nyuma yake. Umbali huo ni ule ambao sehemu ya kumi inayozibwa kila fremu inalingana na hatua anayoipiga bodaboda katika fremu hiyo. Baada ya kamera kusogezwa, pengo linalobaki ni mara 9 ya hatua hiyo. Kwenye fremu 60 hatua ni sentimeta 20, na pengo ni meta 1.8. Hiyo ndiyo kamera iliyonipendeza. Kwenye fremu 30 pengo ni meta 3.6. Kwenye 20 ni meta 5.4, na skrini yetu inaishia meta 5. Kwenye simu ya fremu 120 pengo ni sentimeta 90 tu, kamera imemganda bodaboda, na ile hisia ya mwendo niliyoitafuta siku nzima haipo. Hizo zote ni gemu tofauti zilizotoka katika faili moja.

Dawa ya kwanza ambayo mtu huifikiria ni kuzidisha kwa `delta`, muda wa fremu kwa sekunde:

```gdscript
kamera_x = lerp(kamera_x, boda_x, 6.0 * delta)
```

Kwenye fremu 60 hii inatoa 0.1 ileile, na kwa kamera yetu inafanya kazi vizuri kuliko wanavyokiri wanaoilaani. Pengo ni meta 1.8 kwenye 60, meta 1.6 kwenye 30 na meta 1.4 kwenye 20. Hatari yake inajitokeza unapotaka kitu kifuate haraka. Weka 20 badala ya 6, kwa mfano kwa mshale wa kulenga. Fremu zikishuka hadi 20 kwa sekunde, zao linakuwa 1 na mshale unaruka moja kwa moja hadi lengo. Kwenye 15 unapitiliza. Kwenye 10 zao ni 2, na mshale unayumba upande huu na upande ule bila kutulia. Chini ya hapo kila yumbo ni kubwa kuliko lililotangulia. `Mathf.Lerp` ya Unity hubana sehemu isizidi 1, kwa hiyo huko utaona mruko tu, bila kuyumba. `lerp` ya Godot haibani. Kubana kunaficha dalili. Mwendo bado ni tofauti kwa kila simu.

Njia sahihi inatokana na swali dogo. Ikiwa fremu moja ya 60 inabakiza 0.9 ya pengo, fremu yenye urefu wa mara mbili ibakize kiasi gani? Ibakize kile ambacho fremu mbili zingebakiza, yaani 0.9 mara 0.9, ambayo ni 0.81. Kosa la kuzidisha kwa `delta` ni kwamba kunajibu 0.8. Vibakizo huzidishwa, havijumlishwi, na kwa hiyo muda lazima ukae kwenye kipeo:

```gdscript
var baki = exp(-6.32 * delta)
kamera_x = lerp(boda_x, kamera_x, baki)
```

Angalieni kwamba nimegeuza mpangilio: sasa naanzia kwa bodaboda na kubakiza sehemu ya pengo. Ile 6.32 nimeipata kwa kuchukua logi asilia ya 0.9, kuigeuza alama, na kuizidisha kwa 60. Binafsi sipendi kumwachia msanii wa gemu namba kama 6.32, kwa sababu haimwambii kitu. Namwachia muda wa nusu, yaani sekunde ambazo pengo linahitaji ili libaki nusu yake:

```gdscript
var baki = pow(2.0, -delta / muda_wa_nusu)
```

Kwa kamera yetu muda huo ni sekunde 0.11. Mtu yeyote anaweza kuubishania mezani bila kujua logi. Gemu ikisimamishwa na `delta` ikawa 0, kibakizo ni 1 na kamera haisogei. Fremu ikikwama na `delta` ikawa kubwa, kibakizo kinasogea kuelekea 0 lakini hakivuki, kwa hiyo kupitiliza hakuwezekani.

Jaribio la kuhakikisha ni rahisi. Liweke lengo mahali pamoja, anza mbali nalo kwa 1, punguza fremu kwa `Engine.max_fps`, kisha chapisha pengo baada ya sekunde moja. Mstari wa mwanzo unabakiza kama asilimia 12 kwenye fremu 20, asilimia 4.2 kwenye 30 na asilimia 0.18 kwenye 60. Mstari wenye kipeo unabakiza asilimia 0.18 kote. Sekunde yenyewe itakatika kabla au baada ya mpaka wa fremu, kwa hiyo tarajieni tofauti ndogo.

Nina jambo moja ambalo maelezo mengi ya mbinu hii hulipita. Kipeo ni sahihi kabisa pale tu lengo linapokuwa limesimama. Bodaboda wetu hasimami, na kanuni inamchukulia kana kwamba alikuwa mahali pake papya tangu mwanzo wa fremu. Kwa hiyo pengo bado linatofautiana: meta 1.85 kwenye fremu 120, 1.80 kwenye 60, 1.71 kwenye 30 na 1.61 kwenye 20. Kwa kamera hii nimeliacha hivyo, maana hakuna jicho litakaloona. Anayehitaji usawa zaidi, mathalani katika mbio za kasi kubwa, atumie jibu linalochukulia kwamba lengo lilitembea kwa kasi moja ndani ya fremu:

```gdscript
if delta > 0.0:
    var v = (boda_x - boda_x_awali) / delta
    var nyuma = v / 6.32
    kamera_x = boda_x - nyuma + (kamera_x - boda_x_awali + nyuma) * exp(-6.32 * delta)
boda_x_awali = boda_x
```

Hapo pengo la mwendo usiobadilika ni meta 1.90 kwenye kila simu.

Mwisho, kuna mtikisiko ambao kipeo husingiziwa. Godot huendesha fizikia mara 60 kwa sekunde isipobadilishwa. Pikipiki ikisogezwa ndani ya `_physics_process`, na kamera ikisogezwa ndani ya `_process` kwenye skrini ya 90, basi katika kila fremu tatu pikipiki inasogea kwenye mbili na kusimama kwenye moja. Kamera inaendelea kuteleza, na pikipiki inaonekana ikitetemeka juu yake. Mtu anabadilisha muda wa nusu mara ishirini na tatizo haliondoki. Achapishe `boda_x` badala ya `kamera_x`: akiona namba ileile ikijirudia fremu mbili mfululizo wakati boda yuko mwendoni, kamera haina kosa, na kazi ya kufanya iko upande wa pikipiki.