Wadudu wa Mtoni Kama Kipimo cha Uchafuzi wa Maji
Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya watumiaji maji



Malalamiko kuhusu mito huwa na mkondo mmoja. Kati ya Oktoba na Desemba kahawa inaiva, viwanda vinamenya usiku na mchana, na mkazi wa bondeni anaamka asubuhi akakuta maji ya mto yamegeuka rangi na yananuka uchachu. Anapiga ripoti. Afisa anafika siku mbili baadaye na chupa yake, anachota maji, na maji yanaonekana safi. Yaliyomwagwa usiku ule yameshapita zamani. Kesi inaishia hapo, na mkazi anaonekana mzushi.

Chupa ya maji hueleza hali ya saa ile ilipochotwa. Walio chini ya mawe ya mto, hata hivyo, hawakuondoka. Wadudu wachanga wengi huishi majini kwa wiki au miezi kabla ya kupata mbawa, na uchafu unapopita, wale wasiouvumilia hufa au huchukuliwa na maji. Afisa akifika siku mbili baadaye, pengo lao bado lipo.

Sababu ni hewa. Maji ya kumenya kahawa yana sukari na utelezi wa tunda. Yakiingia mtoni, bakteria huvila na kuongezeka haraka, na katika kula huko hutumia oksijeni iliyomo majini. Mdudu aliyezoea maji ya baridi yanayoruka juu ya mawe hukosa pumzi. Mnyoo wa matopeni hustahimili. Kuna hata mabuu mekundu ya visubi fulani yenye damu inayoshika oksijeni kama ya binadamu, na ndiyo maana hujaa mahali ambapo wengine wametoweka.

Njia rahisi ya kuyapima haya ilitengenezwa Afrika Kusini na inaitwa miniSASS. Inagawa wanyama wadogo wa mtoni katika makundi 13, na kila kundi lina alama yake kulingana na linavyochukia uchafu. Nzi wa mawe, ambaye mtotoni ana mikia miwili na hutambaa chini ya mawe, ana alama 17, ya juu kuliko wote. Wale wenye mikia mitatu, au wakati mwingine miwili, na mashavu yanayopepea ubavuni wako mafungu mawili: wadogo wembamba wanaoogelea kama vijisamaki wana 5, na wengine waliobaki wana 11. Mdudu anayejijengea kibweta cha mchanga au vijiti, pamoja na ndugu zake wasio na kibweta, ana 9. Kaa na uduvi wana 6, na watoto wa kereng'ende wakubwa wana 6 pia. Kereng'ende wembamba wana 4. Mbawakavu na kunguni wa maji wana 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Mabuu ya nzi, mbu na usubi, minyoo ya kawaida, na ruba wana 2 kila kundi.

Kinachohitajika ni wavu mdogo au chujio la jikoni, beseni jeupe, na gambuti. Gambuti na glavu si mapambo. Mahali penye kichocho, mguu usiingie majini mtupu. Mtu mmoja hushika wavu huku mwenzake akitibua mawe kwa mguu upande wa juu, kwa dakika kama tano, akihama kutoka kwenye mawe hadi kwenye nyasi za ukingoni na mchangani. Yaliyonaswa humiminwa kwenye beseni na makundi hutambuliwa. Kisha wanyama hurudishwa mtoni.

Chukua mfano wa kijito chenye mawe. Juu ya kiwanda walionekana nzi wa mawe (17), wenye mashavu ubavuni (11), wenye vibweta (9), kaa (6), kereng'ende wakubwa (6), vijisamaki (5), mbawakavu (5) na mabuu ya nzi (2). Jumla ni 61. Makundi ni 8. Gawa 61 kwa 8, unapata 7.6.

Chini kidogo ya kiwanda walipatikana vijisamaki (5), kunguni wa maji (5), konokono (4), mabuu ya nzi (2), minyoo (2) na ruba (2). Jumla 20 kwa makundi 6: 3.3. Katika mto wenye mawe, wastani ulio chini ya 5.1 ni hali mbaya sana. Mbele zaidi, baada ya maporomoko madogo ambapo maji hujipatia hewa tena, walirudi wenye vibweta, kaa na kereng'ende wakubwa, pamoja na vijisamaki, kunguni, konokono na mabuu ya nzi. Jumla 37 kwa makundi 7: 5.3. Mto unaanza kupona, lakini nzi wa mawe bado hayupo.

Kosa la kawaida ni kuhesabu wadudu mmoja mmoja. Ruba mia moja ni kundi moja na alama ni 2 tu. Kosa la pili ni haraka. Katika mfano ule wa juu, nzi wa mawe asipoonekana, hesabu inakuwa 44 kwa 7, yaani 6.3, na kijito kizuri kinaonekana kimeharibika. Kwa hiyo rudia mara mbili au tatu, na usipime mara tu baada ya mafuriko, kwa sababu mafuriko nayo hufagia wadudu. Njia hii pia haifai kwenye bwawa wala kinamasi.

Alama haitaji mchafuzi, ila orodha hudokeza. Minyoo na mabuu mekundu yakijaa, na mawe yana utando wa kijivu unaoteleza, huo ni uchafu unaooza. Lakini wadudu na kaa wakitoweka wote huku konokono na minyoo wakibaki, na maji hayanuki, shuku dawa ya kunyunyizia mboga au ya josho. Na jambo moja lisisahaulike: alama ya juu haisemi maji ni ya kunywa. Viini vya kipindupindu haviui wadudu. Chemsha.

Kwa hewa, shahidi ni likeni, yale madoa ya kijivu na kijani kwenye magome ya miti. Hayana mizizi, chakula chao hutoka kwenye mvua na hewa, pamoja na moshi wake. Yale yanayoning'inia kama ndevu hufa kwanza, yale yaliyobanduka kama majani hufuata, na yaliyogandamana kama ukoko huvumilia zaidi. Linganisha migrevilia ya unene mmoja, iliyosimama wima, karibu na barabara na mbali nayo, kwa kimo cha kifua. Usilinganishe mgrevilia na mkaratusi unaojibambua gome, wala mlimani kwenye ukungu na tambarare kavu. Hapo tofauti ni ya unyevu tu.

Anayepeleka malalamiko kwa NEMA, au kwa ofisi ya mazingira ya kaunti, aandike tarehe, mahali pa juu na pa chini, orodha ya makundi yote na hesabu yake. Picha za beseni zisaidie. Kipimo cha maabara bado kitahitajika, kwa kuwa kanuni za ubora wa maji huweka kikomo cha BOD kwa miligramu katika kila lita ya maji yanayomwagwa, na wadudu hawapimi miligramu. Lakini afisa atajua achote wapi, na kwamba anahitaji kufika usiku kiwanda kinapomenya.