Ankara Isiyojumlika: Barua Pepe ya Karani wa Hesabu kwa Mzabuni

Ndugu wakazi wa kata za Wilaya ya Mafia,

Wengi wenu mmo katika kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi katika shule na zahanati zetu, na baadhi yenu ni wazabuni wenyewe: mnauza saruji, mbao na vifaa vya ofisi kwa Halmashauri. Mada hii inahusu jambo ambalo pande zote mbili hulilalamikia bila kulielewa sawasawa, yaani ankara inayorudishwa. Mzabuni hudhani anazungushwa. Kamati nayo hudhani fedha zimekwama Kilindoni kwa uzembe. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba karani wa hesabu amejumlisha mistari ya ankara kwa kikokotoo, akapata jumla tofauti na ile iliyoandikwa chini ya karatasi.

Tuchukue ankara moja ya mfano, yenye bei za mfano tu. Mzabuni ameleta vifaa vya kukarabati darasa. Mstari wa kwanza ni mifuko 60 ya saruji kwa shilingi 19,500 kila mmoja, jumla 1,170,000. Wa pili ni mabati 45 kwa shilingi 32,000, jumla 1,440,000. Wa tatu ni mbao 80 kwa shilingi 8,500, jumla 680,000. Wa nne ni kilo 24 za misumari kwa shilingi 4,000, jumla 96,000. Wa tano ni usafirishaji wa mzigo kwa njia ya maji kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, shilingi 270,000. Chini ya ankara imeandikwa: Jumla Kuu 3,926,000. Mzabuni huyu hajasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, hivyo hakuna mstari wa kodi hiyo.

Karani hafanyi haraka ya kujumlisha. Kwanza huzidisha idadi kwa bei katika kila mstari, kwa sababu kosa laweza kuwa ndani ya mstari wenyewe. Katika ankara hii mistari yote mitano ni sahihi. Kisha huilinganisha na hati mbili alizonazo: hati ya kuagizia, ile inayojulikana zaidi kwa jina la LPO, na hati ya mapokezi iliyotiwa saini na kamati. Mifuko iliyoagizwa ni 60, iliyopokelewa ni 60, na bei ni zile zilizokubaliwa. Baada ya hapo ndipo hujumlisha, naye anapata 3,656,000. Ankara imezidi kwa shilingi 270,000.

Hapa ndipo uzoefu unapofanya kazi. Tofauti yenyewe huweza kusema kosa liko wapi. Karani huitazama kwanza aone kama inalingana na mstari wowote, na hapa inalingana kabisa na mstari wa usafirishaji. Ikiwa jumla imezidi kwa kiasi cha mstari mmoja, huenda mstari huo umehesabiwa mara mbili. Ikiwa imepungua kwa kiasi hicho, huenda umesahauliwa. Iwapo hakuna mstari unaolingana, huigawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, upo uwezekano kwamba tarakimu mbili zilizo jirani zimebadilishana nafasi: aliyekusudia kuandika 96,000 akaandika 69,000 amepoteza 27,000, na 27,000 inagawanyika kwa 9. Lakini dalili hiyo haitoshi peke yake. Hata 270,000 ya ankara yetu inagawanyika kwa 9, na anayeanzia hapo angetafuta tarakimu zilizogeuzwa ambazo hazipo.

Siku hizi ankara nyingi hutengenezwa kwa kompyuta, na watu huamini kwamba kompyuta haikosei hesabu. Haikosei, ila inatii ilichoambiwa. Mzabuni alikuwa na ankara ya zamani ambayo usafirishaji uliongezwa nje ya orodha, chini yake. Safari hii akauingiza usafirishaji ndani ya orodha, lakini fomula ya zamani ikabaki:

```
=SUM(E2:E6)+E6
```

Sehemu ya kwanza inajumlisha mistari yote mitano, wa usafirishaji ukiwemo. Sehemu ya pili inauongeza tena. Ilipaswa kuishia kwenye mabano.

Swali ambalo wananchi huuliza ni hili: kwa nini karani asikate mstari mmoja kwa kalamu, aandike 3,656,000, na malipo yaendelee? Jibu ni kwamba ankara ni hati ya mzabuni. Ni yeye anayedai, na dai lake haliwezi kurekebishwa na anayedaiwa. Zaidi ya hayo, Halmashauri ikilipa 3,656,000 dhidi ya ankara inayosema 3,926,000, vitabu vya mzabuni vitaonyesha kwamba bado anadai 270,000. Miezi kadhaa baadaye, pengine akiwa ameajiri mtu mwingine wa hesabu, deni hilo litaletwa kama malimbikizo halali, na hakuna atakayekumbuka lilikotoka. Mkaguzi wa ndani, na baada yake Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, watakuta hati ya malipo yenye kiasi kimoja imeambatishwa ankara yenye kiasi kingine, na hiyo ni hoja ya ukaguzi hata kama hakuna senti iliyopotea. Kodi ya zuio nayo hukokotolewa kwa kiasi kinacholipwa, hivyo kosa la jumla huzaa kosa la kodi.

Kwa hiyo karani anaandika. Barua pepe yake huenda hivi:

"Ndugu Mzabuni,

Yah: Tofauti ya jumla katika ankara Na. 017

Tunakiri kupokea ankara yako iliyotajwa hapo juu, inayohusu vifaa vya ukarabati wa darasa. Mistari yote mitano inalingana na hati ya kuagizia na hati ya mapokezi. Hata hivyo, jumla ya mistari hiyo ni shilingi 3,656,000, ilhali Jumla Kuu iliyoandikwa ni shilingi 3,926,000. Tofauti ni shilingi 270,000, kiasi kilicho sawa na mstari wa tano, yaani usafirishaji.

Tafadhali kagua iwapo mstari huo umejumlishwa mara mbili. Ikiwa ndivyo, tuletee ankara iliyorekebishwa, ikitaja kwamba inachukua nafasi ya ankara Na. 017. Ikiwa kiasi hicho kina maelezo mengine, tueleze kwa maandishi na uambatishe uthibitisho. Tunakuomba usitoe risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kiasi cha awali.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Tungefurahi kupata jibu lako kabla ya Juni 20 ili malipo yaandaliwe kwa wakati.

Wako katika utumishi,
Karani wa Hesabu
Kitengo cha Fedha na Uhasibu"

Barua hiyo ni fupi, lakini kila sentensi ina kazi yake. Kutaja kwamba mistari ni sahihi kunamwondolea mzabuni hofu kwamba mzigo wake unakataliwa. Kuandika takwimu zote mbili pamoja na tofauti kunamwezesha kuhakiki bila kupiga simu. Neno "udanganyifu" halimo, wala halistahili kuwamo, kwani fomula moja iliyosahauliwa huleta matokeo yale yale na nia mbaya, na karani hana namna ya kutofautisha mambo hayo mawili akiwa mezani pake. Ombi kuhusu risiti nalo lina sababu: risiti ya mashine ya kielektroniki hupeleka taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kuifuta baadaye ni kazi ngumu kuliko kusubiri siku mbili.

Sentensi inayoacha nafasi ya "maelezo mengine" ndiyo yenye uzito zaidi kwa wilaya ya visiwa. Yawezekana mzabuni akajibu kwamba hakukosea hesabu: upepo wa kusi ulikuwa mkali, chombo hakikuweza kubeba mzigo wote kwa mara moja, akalazimika kulipia safari mbili. Hilo laweza kuwa kweli tupu. Lakini sasa jambo limebadilika kutoka kosa la kujumlisha na kuwa ombi la kuongeza bei, nalo haliko mikononi mwa karani. Litapelekwa kwa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, ambako litapimwa kwa kilichoandikwa katika hati ya kuagizia. Ikiwa hati ilisema mzigo ufikishwe Kilindoni kwa gharama ya usafirishaji ya shilingi 270,000, hatari ya bahari ilikuwa ya mzabuni, na gharama ya safari ya pili ni yake isipokuwa aliomba na kuidhinishiwa kabla mzigo haujapakiwa. Mzabuni anayeuza visiwani hana budi kulifikiria jambo hili anapotaja bei, si anapoandika ankara.

Kuhusu tarehe, wazabuni wasiichukulie kama kitisho. Malipo yasiyokamilika kabla ya kufungwa kwa mwaka huingia katika orodha ya madeni, na kulipwa kwake hutegemea bajeti na taratibu za mwaka unaofuata. Aliyenunua bidhaa kwa mkopo wa benki hujua maana ya kusubiri hivyo.

Kuna hatari moja ambayo huja hasa wakati wa masahihisho kama haya. Ankara mpya inapofika, karani huisoma yote upya, si jumla peke yake. Namba ya akaunti ya benki ikiwa imebadilika, malipo husimama. Matapeli huvamia masanduku ya barua pepe, husoma mazungumzo halisi kuhusu ankara halisi, kisha hutuma "ankara iliyorekebishwa" yenye jumla sahihi na akaunti yao. Jumla ikiwa sawa, jicho lililokuwa likitafuta kosa la hesabu hutulia. Ndiyo maana barua hutumwa kwa anwani iliyo katika usajili wa mzabuni, na mabadiliko ya akaunti hayakubaliwi kwa barua pepe. Mzabuni hupigiwa simu kwa namba iliyokuwa katika jalada tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe mpya.

Kamati za shule na zahanati zinazosimamia ujenzi kwa mafundi wa kijijini hukutana na ankara zilezile, mara nyingi zilizoandikwa kwa mkono na zisizo na barua pepe. Utaratibu haubadiliki. Mjumbe mmoja azidishe kila mstari kwa kikokotoo cha simu, mwingine ajumlishe bila kutazama jumla iliyoandikwa. Tofauti ikionekana, ankara irudishwe kwa mzabuni pamoja na kikaratasi kinachotaja takwimu mbili na mstari unaoshukiwa, nakala ibaki kwa katibu wa kamati. Ankara ya kwanza isichanwe. Huwekwa jaladani nyuma ya ile iliyorekebishwa, ikiwa imeandikwa "imebadilishwa", tarehe na saini.