Tembe za Presha: Hesabu ya Siku 28

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Sisi wa kamati ya afya leo hatukuja kuwaambia presha ni nini. Wengi wenu mmeshapimwa na mmeambiwa mtameza dawa maisha yenu yote. Tumekuja kuzungumza juu ya pesa za hizo dawa, maana tumeona watu wakiziacha si kwa ukaidi, bali kwa sababu mfukoni hamna kitu.

Tuanze na mama mmoja wa kikundi chetu. Alianzishwa dawa katika kliniki moja ya mjini, akaandikiwa tembe kwa jina la kampuni. Kila pakiti ilimgharimu shilingi 1,500. Miezi miwili alinunua, mwezi wa tatu akauza kuku, mwezi wa nne akaanza kumeza leo na kuruka kesho ili pakiti ifike mbali. Alipopimwa tena presha ilikuwa juu kama siku ya kwanza, na yeye akasema dawa haifanyi kazi. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Aliyokuwa akimeza ni nusu ya dawa.

Tulimwomba atuonyeshe pakiti. Juu kulikuwa na jina kubwa la kampuni, na chini yake kwa maandishi madogo, amlodipini, miligramu 5. Hilo jina dogo ndilo jina la dawa yenyewe. (Kwenye pakiti, kwa Kiingereza, huishia na herufi e.) Dawa ikishakuwa ya zamani, kampuni nyingi huruhusiwa kuitengeneza na kuiuza kwa jina hilo dogo, na bei inashuka sana. Hizo ndizo huitwa dawa za jeneriki. Yule mama alirudi kwa daktari, akaandikiwa amlodipini miligramu 5 bila jina la kampuni, na katika duka la dawa lenye leseni akaipata kwa shilingi 7 tembe moja. Kwenu bei inaweza kuwa tofauti kidogo, kwa hiyo ulizeni maduka mawili matatu.

Wengine huogopa kwamba rahisi ni duni. Hospitali zetu za misheni zimetumia jeneriki miaka mingi. MEDS, shirika lililoanzishwa na makanisa mwaka 1986, hununua dawa hizo kwa wingi kwa ajili ya hospitali na zahanati, na lina maabara yake ya kuzipima. Rangi ya tembe ikibadilika msishtuke: mwezi huu nyeupe na ya duara, mwezi ujao ina umbo jingine. Angalieni jina dogo na miligramu. Vyote viwili vikiwa sawa, dawa ni ile ile. Lakini mwenye duka akikuambia, "Hii imeisha, chukua losatani, zote ni za presha," usikubali kabla ya kuuliza daktari au muuguzi wako. Hiyo ni dawa nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa ndipo wengi wetu tunapotelea. Kuna pakiti zenye tembe 28, si 30 wala 31. Tembe 28 ni wiki nne. Tukinunua pakiti moja kila mwezi, kwa mwaka tumenunua 12, yaani tembe 336. Mwaka una siku 365. Siku 29 tumekaa bila dawa na hata hatukujua! Pakiti za mwaka ni 13.

Mfano ni huu. Yule mama alipewa tembe 28 tarehe 3 Machi, akameza ya kwanza siku hiyo hiyo. Ya mwisho ni tarehe 30 Machi. Kadi yake ilisema arudi tarehe 3 Aprili. Tarehe 31, tarehe 1 na tarehe 2 hana kitu, na ikinyesha barabara ikakatika, ni wiki nzima. Kwa hiyo siku mnapopewa dawa, zihesabuni pale pale dirishani, mbele ya muuguzi, na muulize: "Hizi zitanifikisha siku ya kurudi?" Hata mkisikia watu nyuma kwenye foleni wakinung'unika, hesabuni tu.

Sheria ya kikundi chetu ni kwamba zikibaki tembe 7, unaanza safari. Kwa yule mama hiyo ni tarehe 23 Machi. Tena kila mmoja alinunua tembe 7 za ziada mara moja, za akiba, akaziweka mbali na watoto. Kwake ilikuwa shilingi 49. Pakiti mpya ikija, za akiba zinamezwa kwanza na 7 mpya zinawekwa mahali pake, ili zisipitwe na tarehe.

Shilingi 7 kwa siku ni shilingi 49 kwa wiki. Kwenye chama tunakusanya kila wiki, kwa hiyo wenye presha huongeza 50 zao katika bahasha ya kando, na mweka hazina huwapa siku ya kununua. Bahasha hiyo haikopeshwi. Tulijaribu kuikopesha mara moja, na mkopo ulichelewa wiki tatu.

Mtauliza, je, serikali haitoi? Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, na aliyejiandikisha hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa pale. Jiandikisheni, na anzieni huko. Lakini mnajua wenyewe kwamba siku nyingine kabati ni tupu. Siku hiyo msirudi mikono mitupu: ombeni muuguzi awaandikie jina dogo na miligramu, na bahasha ifanye kazi yake. Kama pesa hazitoshi pakiti nzima, nunueni tembe 7.

Na zikiisha kabisa? Amlodipini hutoka mwilini polepole, hivyo kukosa siku moja au mbili hakuleti hatari ya ghafla, lakini baadaye presha hupanda bila wewe kusikia chochote. Ukizipata, endelea na tembe moja kama kawaida, usimeze mbili kulipia zilizopita. Ukikaa bila dawa kwa wiki kadhaa, upimwe na useme ukweli, la sivyo daktari atadhani dawa imeshindwa na kukuongezea nyingine. Wanaomeza atenololi au klonidini wasikae hata siku moja bila dawa, maana kuziacha ghafla kunaweza kurusha moyo na presha vibaya. Hao waweke akiba ya siku 14.

Usiazime tembe za jirani. Losatani na enalapili, kwa mfano, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni kwa mama mjamzito, na wewe huoni tofauti kwa macho.

Lakini mtu akilegea upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda, maneno yakavurugika, au akaumwa kifua, akakosa pumzi, akaumwa kichwa sana na macho yakafifia, huyo hatafutiwi tembe. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Sisi tumeshakubaliana na mwenye pikipiki mmoja, na nauli yake inakaa kwa mweka hazina.

Mkutano ujao kila mwenye presha aje na pakiti zake ndani ya mfuko, hata zilizo tupu. Tutasoma majina madogo pamoja.