Siku ya Kwanza Katika Chumba cha Kupasulia Maiti

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari za kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, ambaye baadaye aliingia chuo cha madaktari huko Uganda. Alipokuja likizo tulimwuliza habari za masomo yake, naye akatueleza siku ya kwanza alipoingia chumba cha kupasulia maiti.

Kilichompokea mlangoni ni harufu ya formalini, dawa itiwayo mwilini ili usioze, nayo huwasha macho hata yakatoka machozi. Wanafunzi sita walipewa meza moja. Maiti wao alikuwa mzee aliyefia hospitali, wala hakutokea ndugu wa kumchukua. Jina lake hawakuambiwa. Alifungwa mguuni kibati chenye nambari, na chini ya meza palikuwa na ndoo yenye nambari ile ile. Kijana hakuuliza ndoo ile ni ya nini.

Kazi ya siku ile ilikuwa kuifunua ngozi ya kifua. Mkato wa kwanza hushuka katikati, juu ya mfupa wa kidari, kisha mwingine huenda kando kuelekea bega. Ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko mtu adhaniavyo. Akataye sawasawa huona mafuta ya manjano chini yake. Lakini akiona nyuzi za nyama ya rangi ya kahawia, ajue amepita kiasi. Na katika mafuta hayo hupita mishipa ya fahamu, myembamba kama uzi wa kushonea. Ikikatwa ni vigumu kuipata tena.

Basi kijana wetu ndiye aliyeshika kisu. Mkono ukamtetemeka, kisu kikazama mpaka kwenye nyama, na kipande cha mafuta kikamtoka pamoja na mishipa iliyokuwa ikitafutwa. Kwa kuona haya (nasi twamjua tangu utoto, hapendi kuonekana amekosa) akakichukua upesi akakitupa katika pipa la taka.

Mtumishi wa chumba, mtu mzima mwenye mvi, alimwona. Hakusema neno. Akainama, akakitoa kipande kile kwa koleo ndogo, akakitia katika ndoo iliyo chini ya meza.

"Bwana mdogo," akasema, "vyote vyake huingia humu. Masomo yakiisha atazikwa navyo. Hana mwingine wa kumkusanya ila ninyi."

Ndipo kijana akautazama mkono wa yule mzee, uliokuwa umelala wazi kando ya meza. Kiganjani mlikuwa na sugu za mpini wa jembe, kama alizonazo baba yake.

Jioni wenzake walipokwenda kunawa, yeye alibaki. Akapiga magoti akapapasa sakafuni, akaokota vipande viwili vidogo, akavitia ndooni. Kisha akalowesha kitambaa katika dawa, ili mwili usikauke, akaanza kuufunika mkono ule kwanza.