Asali Safi Tunaijuaje? Hotuba ya Mwenyekiti siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Katibu ameshasoma taarifa ya hisa na mikopo, hatutairudia. Sisi tumeombwa tuseme juu ya asali, kwa kuwa kila siku ya gulio hapa Sikonge tunaulizwa swali moja tu: "Mama, hii asali ni safi kweli?" Tutajibu kwa kuwaeleza jinsi sisi wenyewe tulivyodanganywa, halafu jinsi sisi wenyewe tulivyokosea. Yote mawili yalitugharimu.

Mwaka 2018, kikundi kikiwa na miaka mitatu, mizinga yetu ilikuwa michache na asali haikutosha wateja. Tukakubaliana kutoa fedha za hisa tununue kwa mchuuzi aliyepita na gari. Alikuwa na ndoo nne za lita 20, kila moja shilingi 120,000, jumla 480,000. Akaomba glasi ya maji, akadondosha tone la asali. Tone likazama mpaka chini bila kuyeyuka. Akasema, "Mnaona wenyewe, mama zangu." Tukaona, tukalipa. Mmoja wetu alisema mbona inamiminika kama uji mwepesi. Akajibiwa kuwa ni joto la Oktoba. Tukanyamaza.

Baada ya wiki tatu vifuniko vya chupa vikaanza kutuna. Ukifungua inatoa povu na harufu ya pombe. Wateja wakarudisha, tukawarudishia fedha zao. Ndoo moja ilikuwa haijaguswa. Bwana Afisa Nyuki akatuambia: leteni mzani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tulipojifunza. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita moja ya asali iliyoiva ni kama kilo moja na gramu 400. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ya asali inatakiwa ifike kilo 28 bila ndoo yenyewe. Ya kwetu ilisoma kilo 27 na nusu pamoja na ndoo. Ndoo tupu ni kilo moja. Kumbe asali ilikuwa kilo 26 na nusu, pungufu kilo moja na nusu. Ukitoa lita moja ya asali ukaweka lita moja ya maji, uzito unapungua gramu 400. Gawanyeni wenyewe kilo moja na nusu kwa gramu 400: unapata karibu lita nne. Katika kila lita 20 tulikuwa tumenunua karibu lita nne za maji ya kisima, kwa bei ya asali.

Na lile tone mbona lilizama? Lilizama kwa sababu hata asali iliyochanganywa hivyo bado ni nzito kuliko maji. Maji ya sukari yaliyochemshwa yakawa mazito nayo yanazama. Njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali hukataa kuwaka maji yakiwa mengi, lakini ikichovywa kwenye sukari nzito inawaka vilevile. Na wanaosema sisimizi hawagusi asali safi, waje nyumbani kwetu wakati wa kukamua, watahesabu sisimizi mpaka wachoke. Majaribio haya ndiyo mchuuzi anayoyapenda, kwa sababu anajua asali yake itafaulu.

Jaribio letu sisi ni la mzani, na kila mama analiweza. Chukua chupa tupu, uipime. Itie maji mpaka kwenye alama, uipime tena, utoe uzito wa chupa. Tuseme maji ni nusu kilo. Mwaga, kausha vizuri, tia asali mpaka alama ileile. Asali yenyewe inatakiwa iwe kama gramu 700. Ikiwa gramu 660 au chini yake, muulize muuzaji maji yameingiaje. Angalia tu isiwe na povu, maana povu hupunguza uzito. Iache itulie kwanza.

Hilo ni la kudanganywa. La kukosea ni hili.

Mwaka 2020 tulikuwa na mizinga yetu wenyewe porini, kwenye miyombo na mitundu. Marejesho ya mkopo yalikuwa yamekaribia na mvua zilikuwa zimeanza. Wazee wakatuambia ngojeni. Hatukungoja. Tulikata masega yote, yaliyofunikwa na yasiyofunikwa. Hakuna aliyeongeza hata tone la maji, tunaapa. Lakini asali ile nayo ilichacha.

Sababu ni hii. Nyuki akileta maji matamu ya maua, yana maji mengi. Anayapepea kwa mbawa mle mzingani mpaka yakauke, yakishaiva anafunika kila tundu kwa nta nyeupe. Tundu lililo wazi bado linapikwa, kama chungu ambacho mama hajakiepua. Kanuni za kimataifa za chakula zinataka maji ndani ya asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi hapo, hamira ya asili iliyomo kwenye asali inaamka, na asali inaanza kuwa pombe. Bwana Afisa Nyuki alileta kile kipimo cha kuchungulia kwa jicho, unapaka tone moja kwenye kioo chake. Asali yetu ilisoma 23. Na jamani, kwenye mzani ndoo ile ilipungua gramu mia tatu tu, ungeweza kuipitisha. Mzani unakamata maji yaliyotiwa kwa lita, haukamati sana asali mbichi.

Tangu hapo tuna sheria tatu na hazina msamaha. Sega halikatwi kama robo tatu yake haijafunikwa. Siku ya mvua hatukamui wala hatuachi ndoo wazi, kwa sababu asali inavuta unyevu wa hewani yenyewe. Na masega yenye majana hayaingii kwenye kitambaa cha kuchujia. Tukishachuja, asali inatulia siku tatu kwenye ndoo iliyofunikwa, nta na povu vinapanda juu, tunavitoa kwa kijiko, ndipo tunajaza chupa. Mkopo ule tuliulipa kwa kuchangishana, na mama mmoja aliuza mbuzi wake. Yuko hapa leo, anajijua, nasi tunamshukuru.

Wateja wetu mtuulize na la tatu: je, asali ikiganda ni sukari? Hapana. Asali safi huganda yenyewe, hasa baridi ya Juni na Julai, nyingine mapema, nyingine baada ya miezi mingi, kufuatana na maua. Lakini msije mkasema kila iliyoganda ni safi, maana sukari iliyochemshwa nayo inaweza kuganda. Kuganda hakuthibitishi lolote. Ikiganda, weka chupa ya kioo kwenye sufuria ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, uiache taratibu. Usiichemshe jikoni, harufu na ladha vitakwisha. Rangi nayo isiwahangaishe: nyeusi, nyekundu na ya njano zote zinaweza kuwa safi. Na asali ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi na chachu kidogo kwa maumbile yake, hiyo msiipime kwa kilo 28.

Tuseme ukweli mpaka mwisho. Mtu akichanganya asali na maji ya sukari yaliyopikwa mazito sana, mzani wetu hautamkamata, na kile kipimo cha jicho hakitamkamata. Hiyo ni kazi ya maabara. Ndiyo maana tunasema nunua kwa mtu unayejua mizinga yake iko wapi, na ukiweza nunua wakati wa kukamua, uone sega lenyewe. Kwetu mlango uko wazi, na mzani uko mezani kila siku ya gulio. Pima kabla hujalipa.

Sasa vipimo na bei zetu za mwaka huu:

Chupa ya robo kilo, shilingi 3,500.
Chupa ya nusu kilo, shilingi 6,000.
Chupa ya kilo moja, shilingi 11,000.
Chupa ya lita moja, ambayo ni kilo moja na gramu 400, shilingi 15,000.
Ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 28, shilingi 252,000, yaani 9,000 kwa kilo.
Ukirudisha chupa yetu ikiwa safi, tunakupunguzia shilingi 300.

Hapo kwenye kilo na lita ndipo ugomvi mwingi unapotokea, basi tuumalize leo. Mteja anakuja na chupa yake ya lita, anataka kilo moja. Tunamjazia, chupa inabaki na nafasi kubwa juu, anasema tumempunja. Hatukumpunja. Kilo moja ya asali haifiki hata robo tatu ya chupa ya lita. Na ukiona jirani anauza lita kwa 12,000 na mwingine kilo kwa 10,000, usikimbilie ya 10,000. Gawanya 12,000 kwa moja nukta nne: kilo yake inakuwa kama 8,600. Ya lita ndiyo rahisi, mradi iwe asali na si maji. Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza kwanza: ni ya kilo au ya lita?

Neno la mwisho kwa akina mama wenye watoto wachanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata iwe safi namna gani. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo letu sisi wakubwa linavimudu, lakini la mtoto haliwezi, na vinaweza kumlegeza mwili mpaka ashindwe kupumua. Bibi zetu walilambisha kwa nia njema. Sisi tumeshaambiwa, tusilambishe. Tunapoteza mauzo ya robo kilo, si kitu.

Ndugu Mgeni Rasmi, ile ndoo ya nne ya mwaka 2018 hatukuiuza. Tuliimwaga. Ndoo yenyewe tumeiosha na ndiyo hiyo iko pale mezani karibu na mzani, ina alama ya lita 20 kwa rangi nyekundu. Kila mwanachama mpya anaanza kazi kwa kuipima ikiwa tupu, ikiwa na maji, kisha ikiwa na asali. Tunakuomba nawe uje uipime kabla hujakaa kula.