Tarehe ya Upele: Surua, Shule ya Bweni na Hoja ya Kufunga Shule



Mwalimu mkuu mmoja aliniuliza huko Roret, tukinywa chai baada ya kikao cha wazazi, kwa nini watu wa afya hupenda "kuwafungia watoto pamoja na surua". Kwake tiba ni moja: masanduku yafungwe, kila mtoto arudi kwao. Wengi wenu mko upande wake.

Dalili mnazijua, nazipita. Kumjibu, nashika safu moja tu ya ripoti ya mlipuko: tarehe upele ulipotokea. Wengi huandika tarehe mgonjwa alipofika zahanati, na uchunguzi huharibika hapohapo.

Umuhimu wa tarehe hiyo alituonyesha Peter Panum, daktari kijana wa Denmark aliyetumwa Visiwa vya Faroe mwaka 1846. Katika watu wapatao 7,800, takriban 6,000 waliugua. Alizunguka vijijini akiuliza siku tu. Wanaume kumi wa kijiji cha Tjørnevig walikwenda kuwinda nyangumi Juni 4, wakaambukizwa huko. Juni 18 wote kumi wakatokwa na upele. Siku 14! Hakuwa na maabara wala hakujua kirusi ni nini. Akabaini pia kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa tena, hata baada ya miaka 65.

Sasa tubuni shule ya bweni Roret, iliyofunguliwa Aprili 27. Mwanafunzi wa kwanza anatokwa na upele Mei 6. Rudi nyuma siku 14: Aprili 22, yuko likizoni. Ugonjwa umeingia na sanduku lake. Kama upele wa kwanza mlioandika ni wa Mei 20, aliambukizwa ndani ya shule, basi kuna mgonjwa wa awali mliyemkosa. Mtafuteni, jikoni pia. Ndiyo maana fasili ya mgonjwa iwe pana: yeyote anayeishi au kufanya kazi shuleni, mwenye homa na upele. Rubela hufanana na surua, kwa hiyo damu ya wagonjwa wa kwanza ipelekwe maabara.

Mgonjwa wa Mei 6 huambukiza tangu siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake, yaani Mei 2 hadi 10. Wimbi la pili litatokea karibu Mei 16 hadi 24, ingawa wengine hukawia hadi siku 21. Mwalimu mkuu huona wagonjwa wengi Mei 18, akafunga shule. Watakaotokwa na upele Mei 21 tayari wanaambukiza, nao wanapanda matatu kwenda Litein, Sotik na Bomet, nyumbani kwenye wachanga wasiofikisha miezi tisa ya chanjo ya kwanza.

Nakiri bweni limejaa, na hewa ya chumba hubaki na kirusi hadi saa mbili. Ikiwa hakuna chumba cha kuwatenga wagonjwa, wapelekwe hospitali. Hata hivyo sibadiliki: shule isifungwe, wagonjwa watengwe hadi siku nne baada ya upele na wapewe vitamini A, wasio na uthibitisho wa chanjo wachanjwe, ikiwezekana ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa, wageni na ruhusa za kwenda nyumbani zisimame. Mlipuko usitangazwe umekwisha kabla ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya.

Na muhula ujao, siku ya kuripoti, karani asipokee sanduku kabla ya kuona kijitabu cha Mama na Mtoto chenye dozi zote mbili.