Kupiga Vidio kwa Simu: Maneno Tuliyosema Mbele ya Wanachama wa Tawi



Kabla ya kuanza tunataka kuungama kosa letu. Mwenzetu mmoja alikatwa vidole viwili na mashine iliyokuwa imeondolewa kinga yake. Alipokuja ofisini tulimpiga vidio kwa simu, akaeleza yote vizuri, nasi tukaipeleka kwa wakili. Wakili aliitazama dakika mbili akaturudishia. Uso ulikuwa mweusi kama kivuli, na maneno yamefunikwa na ngurumo za matatu. Tulipomtafuta mwenzetu aseme tena, alikuwa amekwisha rudi kwao. Basi leo hatutahubiri, tutaonyeshana kwa vitendo.

Bwana mweka hazina amekubali kuketi hapa mbele. Kwanza tunamketisha vile tulivyomketisha yule ndugu, mgongo dirishani. Tazameni kioo cha simu: dirisha linang'aa, na Bwana mweka hazina hana macho wala pua. Sababu yake ni kwamba simu hupima mwanga wa picha nzima. Ikikuta dirisha linawaka hupunguza mwanga wote, na uso ulio mbele ya dirisha hubaki gizani.

Sasa tunageuza kiti, dirisha liwe upande wa shavu lake na mbele kidogo. Mnaona? Shavu moja lina mwanga, la pili lina kivuli laini. Kivuli kikizidi, mwenzako ashike karatasi nyeupe ya kalenda upande wa pili, nao mwanga utarudi usoni. Taa ya umeme tunaizima, maana mara nyingi rangi yake haipatani na ya mchana. Jua likiingia moja kwa moja, msogeze mtu ndani zaidi. Mwisho tunagusa uso wake katika kioo, tukishikilia kidole. Katika simu nyingi itatokea alama ya kufuli, na hapo mwanga hautabadilika hata mtu akipita dirishani.

Mikono haina maneno mengi. Futa kwanza kioo kidogo cha kamera, maana mafuta ya vidole huleta ukungu. Laza simu, ishike kwa mikono miwili, bana viwiko kwenye mbavu, egemea ukuta. Usivute picha kwa vidole ili kumleta mtu karibu, kwa kuwa kila mtikisiko nao unakuzwa. Nenda karibu kwa miguu yako. Kama wataka kujua unatikisika, tazama ukingo wa mlango katika picha: ukicheza, wewe ndiwe unayecheza. Kwa maelezo marefu mikono huchoka, basi simamisha simu juu ya meza, uiegemeze kwenye vitabu vya hesabu.

Tumefika kwenye sauti, na hapa ndipo tulipoharibu zaidi. Wakili angeweza kuvumilia uso wenye giza kama maneno yangesikika. Sikilizeni hii, tuliyoirekodi hatua nne mbali. Sasa hii, ya hatua moja. Mzee hakupandisha sauti hata kidogo. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayofika kwenye simu hushuka hata robo, lakini kelele ya barabara hubaki ile ile. Sikio la mtu hujua kuchagua maneno katika kelele. Simu haijui.

Kwa hiyo twatumia simu mbili. Moja inapiga picha, ya pili inarekodi sauti tu, imewekwa mezani juu ya leso, mbele ya msemaji, umbali wa mkono mmoja. Usiitie mfukoni mwa shati, kwani nguo itaikwaruza. Zote mbili zikiisha kuanza, piga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye kofi hilo ndilo litakaloonyesha mahali pa kuunganisha sauti na picha. Ukiwa na simu moja, sogea karibu, na uangalie kiganja kisizibe kitundu cha sauti, ambacho kwa kawaida kiko upande wa chini. Ukiilaza simu, kitundu hicho huangukia mkononi mwako; wengi hukosea hapo.

Gusa alama ya ndege ili mtu asikupigie katikati. Funga kioo cha dirisha, acha pazia wazi. Zima feni. Mvua ikipiga mabati hatuna dawa, tungojee ikatike. Na jambo tulilolisahau siku ile: rekodi nusu dakika, simamisha, weka simu sikioni, sikiliza. Ufanye hivyo msemaji angali kitini.

Haya, kaeni wawili wawili, mmoja aeleze kazi yake ya jana kwa dakika moja, mwingine ashike simu. Kisha tutazicheza zote hapa mbele, nasi tutazisikiliza tumefumba macho.